Mpeni mwanafunzi msimbo aufuate kwa penseli

Ukiweka mezani karatasi mbili za mtihani wa programu, moja ya huku Uingereza ninakoishi na moja ya kwetu Mtwara, tofauti unaiona kabla hujasoma maswali. Karatasi ya huku ina majedwali matupu. Kwa mfano karatasi ya kwanza ya mtihani wa kompyuta namba 8525 wa bodi ya mitihani ya AQA, ya saa 2 na alama 90, humpa mtoto kipande cha programu na jedwali lenye safu kwa kila kibadilika, kisha humtaka ajaze thamani zinavyobadilika hatua kwa hatua. Mtihani wa kompyuta wa Cambridge namba 0478 nao huwa na swali la programu iliyokosewa kwa makusudi: tafuta mistari yenye makosa, andika sahihi yake. Karatasi ya kwetu mara nyingi ina mistari mitupu tu chini ya "Taja aina tatu za vitanzi" au "Andika sintaksia ya kitanzi cha while".

Naandika haya kwa walimu wa kompyuta wa Mtwara, Masasi, Newala na Lindi, kwa sababu naamini hili ni jambo ambalo kwetu linaweza kubadilika bila fedha. Kufuata msimbo kwa penseli hakuhitaji maabara wala umeme. Mwanafunzi anayekariri sintaksia akipata alama zote bado hatujui kama anaelewa kitanzi kinafanya nini kikizunguka mara ya nne. Mwaka 2004 mtafiti Raymond Lister na wenzake waliwapima wanafunzi wa vyuo wa nchi 7 kwa maswali 12 ya kusoma na kufuata msimbo, na wengi walionekana dhaifu hapohapo kwenye kusoma, kabla hata ya kuulizwa kuandika. Waliochora thamani za vibadilika pembeni ya karatasi ndio waliopatia zaidi.

Kutunga swali la namna hii ndiko kwenye kazi. Chukua magunia ya korosho yanayopimwa kwenye ghala la AMCOS, gunia la kilo 80 hivi likijaa vizuri. Tunataka programu inayotafuta gunia zito zaidi na mahali lilipo kwenye foleni. Mwalimu wa kwanza ataita vibadilika vyake `mkubwa` na `nafasi`, na hapo swali limeshakufa: mwanafunzi anasoma majina, anatazama orodha, anataja namba kubwa kuliko zote bila kufuata mstari hata mmoja. Kwa swali la kufuatilia, ficha majina na usiseme programu ni ya nini:

```python
k = [62, 80, 75, 80, 71]
a = k[0]
b = 0
i = 1
while i < len(k):
    if k[i] > a:
        a = k[i]
        b = i
    i = i + 1
print(a, b)
```

Jibu sahihi ni `80 1`. Lakini angalieni jinsi orodha ilivyopangwa, maana uhai wa swali uko kwenye namba zake. 80 imewekwa mara mbili kwa makusudi. Asiyetofautisha "kubwa kuliko" na "kubwa au sawa" atabadilisha `b` anapofika 80 ya pili, atajibu `80 3`. Anayeamini kuhesabu kwa orodha kunaanzia 1 badala ya 0 atajibu `80 2`. Anayesahau sharti la `if`, akadhani `a` na `b` hubadilika kila mzunguko, atajibu `71 4`. Na yule anayesoma mstari wa `i = i + 1` kana kwamba uko ndani ya `if` atakwama kwenye 75, kwa sababu `i` haitasogea tena, na ataandika kwamba programu haiishi. Kila dhana potofu ina jibu lake, hivyo ukisahihisha karatasi arobaini unajua papo hapo nini cha kurudia darasani Jumatatu.

Sasa badilisha orodha iwe `[80, 62, 75, 71, 60]`. Programu ni ileile, lakini zito limekaa mwanzoni, sharti halitimii hata mara moja, na wa "kubwa kuliko" na wa "kubwa au sawa" wote wanajibu `80 0`. Swali linaonekana gumu ilhali haliwatenganishi hao wawili. Ndiyo maana mtunzi hutengeneza kwanza majibu potofu anayoyatarajia, halafu ndipo anachagua namba zitakazoyatenganisha. Kinyume chake ni kuandika namba zinazokuja kichwani, na hapo ndipo maswali mengi ya aina hii huharibikia.

Jedwali lenyewe mpe mwanafunzi limeshachorwa: safu za `i`, `k[i]`, `a` na `b`, na mstari wa kwanza wa thamani za kuanzia umejazwa, `i` ikiwa 1, `a` 62 na `b` 0. Acha nafasi za ziada chini, kwa sababu ukichora mistari minne kamili umeshamwambia kitanzi kinazunguka mara ngapi. Mizunguko minne au mitano inatosha. Ukiweka kumi unapima uvumilivu, na anayekosea kuandika tarakimu moja kwa uchovu anafanana na asiyeelewa.

Kwenye alama, toa 1 kwa kila mzunguko uliojazwa sawa, 1 kwa kusimama kwa wakati `i` inapofika 5, na 1 kwa kinachochapishwa. Jumla ni 6. Kanuni ya muhimu hapa, ambayo wasahihishaji wa huku wanaishika sana, ni kwamba kosa moja huadhibiwa mara moja. Aliyeandika `b` kuwa 3 kwenye mzunguko wa tatu anapoteza alama hiyo, lakini akiibeba 3 yake kwa usahihi hadi mwisho na kuandika `80 3`, alama za mbele anazipata. Msahihishaji anayelinganisha tu na jibu la mwisho atampa sifuri mtu aliyeelewa mizunguko mitatu kati ya minne.

Swali la kutafuta kosa linataka maandalizi ya kinyume. Hapa majina yawe wazi na kazi ya programu itajwe, kwa sababu mtu hawezi kuona kosa kama hajui kilichokusudiwa. Na kosa liwe la mantiki. Kufuta nukta mbili mwishoni mwa `while` ni kukariri sintaksia kulikovaa nguo nyingine, tena ni kosa ambalo mashine yenyewe hulisema. Chukua bei za mnada wa korosho. Tunaandika tofauti ya bei ya kilo, kwa shilingi, kati ya mnada mmoja na uliotangulia, na tunataka tofauti iliyo kubwa kuliko zote:

```python
tofauti = [30, -20, 45]
mkubwa = 0
for t in tofauti:
    if t > mkubwa:
        mkubwa = t
print(mkubwa)
```

Kwa orodha hii programu inachapisha 45, na ni sawa. Hapo ndipo panaponipendeza: kosa lipo na halionekani. Mpe mwanafunzi orodha ya pili, `[-40, -25, -60]`, yaani msimu ambao bei imeshuka kila mnada. Muulize programu itachapisha nini, kisha ilipaswa kuchapisha nini. Itachapisha 0, tofauti ambayo haikutokea kwenye mnada wowote, badala ya -25. Baada ya hapo ndipo umwombe ataje mstari wenye kosa, aseme sababu, na aandike mstari uliosahihishwa. Mpangilio huo una maana. Anayeanza kwa kuulizwa "kosa liko wapi" hubahatisha, ila aliyelazimika kwanza kupata 0 ameshaiona ile 0 ya mstari wa pili.

Sahihisho zuri ni `mkubwa = tofauti[0]`. Wengine watageuza alama ya `>` kuwa `<`, na programu yao itatoa -60 kwa orodha ya pili na -20 kwa ya kwanza, yaani wameharibu hata kilichokuwa kinafanya kazi. Wengine wataandika `mkubwa = -100`. Huyu wa mwisho huwatatiza wasahihishaji, kwa kuwa orodha zote mbili zinatoka sawa. Mimi ningempa nusu ya alama za sahihisho: ameona kosa liko wapi, ila bei ikishuka kwa 120 kisha 150 programu yake itasema -100. Andika uamuzi huo kwenye mwongozo wa kusahihisha kabla mtihani haujafanyika, ili walimu wawili wasimtendee mtoto tofauti.

Kuhusu lugha ya maswali kuna faida ambayo huku hawana haja nayo lakini kwetu ni kubwa. Mtoto wa Tandahimba anayefanya mtihani kwa Kiingereza hupoteza alama kwenye "Eleza" hata kama jambo analijua. Jedwali halimdai sentensi. Kwenye sababu ya kosa, mkubalie jibu la mfano: akiandika kwamba namba zote zikiwa chini ya 0 hakuna itakayoizidi 0, amemaliza, hata kama sarufi imepinda.

Uchapaji ndio unaoangusha maswali mazuri. Ukiandika msimbo moja kwa moja ndani ya Word, itaweza kukugeuzia `print` kuwa `Print` na `while` kuwa `While` mwanzoni mwa mstari, na alama za nukuu zitapinda. Umetunga kosa moja, karatasi ina manne, na mwanafunzi makini ndiye anayeumia kwa kuyaona yote. Andika msimbo kwenye kihariri cha Python, uendeshe uone unatoa unachodai, kisha ubandike kwa fonti ya Courier New na uhakikishe nafasi za mwanzo wa mstari zimebaki, kwa sababu kwenye Python nafasi hizo ndizo zinazosema kipi kiko ndani ya `if`. Weka namba za mistari pembeni. Epuka vibadilika vinavyoitwa `l` au `O`, fotokopi iliyofifia huvifanya 1 na 0.

Sidai huku wamemaliza kila kitu. Watoto wa huku waliozoea kihariri kinachopiga mstari mwekundu chini ya kosa huhangaika wakipewa karatasi tupu, na wa kwetu waliozoea karatasi wangewashinda hapo. Wala kufuatilia si mbadala wa kuandika: mtu anaweza kujaza jedwali bila kosa akashindwa kuunda kitanzi chake mwenyewe, kwa hiyo bado liwepo swali moja la kuandika programu fupi, na liwekwe baada ya haya.

Na kwa madarasa ambayo madawati yamebanana, tunga matoleo mawili ya orodha ileile. Toleo la pili liwe `[58, 77, 70, 77, 66]`: msimbo haubadiliki, namba kubwa bado imejirudia kwenye nafasi ya 1 na ya 3, na majibu potofu yanabaki yametengana. Anayechungulia kwa jirani ataandika 80 kwenye karatasi ambayo haina 80.