Mistari ya kwanza ya About: kutaja kazi si majivuno

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumelelewa na methali hiyo, na naiona kila ninapofungua kurasa za LinkedIn za wataalamu wa hapa Dodoma. Sehemu ya About inaanza kwa tabia: mchapakazi, mwadilifu, mwenye shauku ya kuleta mabadiliko chanya, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Kusema "nimefanya hiki" kunaonekana majivuno, na kusema "nina bidii" kunaonekana adabu. Naona ni kinyume chake. Anayejiita mwadilifu anajisifu, kwa sababu msomaji hana pa kulipimia neno hilo. Anayetaja kazi aliyoifanya anatoa taarifa ambayo mtu anaweza kuiulizia.

About inapokea herufi 2,600, lakini mgeni huona mistari michache tu ya mwanzo. Iliyobaki imefichwa mpaka abonyeze, na kwenye simu inayoonekana ni michache zaidi. Tena afisa rasilimali watu hafiki hapo akiwa hajui lolote. Ametafuta cheo na mahali, akapata orodha yenye jina, picha, kichwa cha wasifu na mji. Cheo chako anakijua tayari. Anachotafuta kwenye mistari ile ni tofauti yako na wengine wenye cheo hicho hicho.

Tuchukue mfano wa afisa ufuatiliaji na tathmini anayefanya kazi kwenye mradi wa alizeti. Badala ya sifa, aanze hivi: "Ninahakiki takwimu za mavuno ya alizeti Kongwa na Mpwapwa. Ninaunda fomu za KoboToolbox, ninasimamia wakusanyaji takwimu 12 vijijini, na ripoti hutoka siku 10 baada ya kazi ya uwandani." Hiyo ni sentensi mbili tu, na hakuna sifa hata moja. Lakini mwajiri ameshajua zao, wilaya, zana, ukubwa wa timu na kasi yake. Akibonyeza kuendelea, anabonyeza kwa sababu ana swali: takwimu zikija na makosa, huyu anafanyaje?

Wanaopinga wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote ni ya namba. Wanasema ukiwaambia watu waanze na matokeo, watatunga. Ni kweli, nami naona namba mbaya zaidi si ile ya uongo mtupu, bali ile ya kweli isiyo yako. Afisa wetu angeweza kuandika kwamba mavuno ya wakulima yalipanda kwa asilimia 40 chini ya usimamizi wake. Pengine yalipanda kweli. Lakini Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, na mvua yenyewe haitabiriki. Mwaka ikinyesha vizuri mavuno ya kila shamba hupanda, lenye mradi na lisilo na mradi. Mwajiri anayeijua kanda hii atauliza swali moja tu: ulilinganisha na msimu gani, na mashamba ya nani? Kama jibu halipo, namba ile imemharibia hata yale aliyoyafanya kwa mkono wake. Ndiyo maana kwenye mfano nimeweka wakusanyaji 12 na siku 10. Ni namba ndogo, lakini ni zake. Hazikutokana na mvua, na anaweza kueleza kila moja ilipatikanaje. Kwa hiyo hatari ya kutunga haitoshi kuturudisha kwenye "mchapakazi". Inatutaka tuchague namba ambayo mkono wetu ulihusika nayo moja kwa moja.

Kuna pia wanaotaka shahada na usajili vitangulie. Hapa nawaunga mkono kwa kiasi. Kwa mhasibu mwenye CPA ya NBAA, au afisa ununuzi aliyesajiliwa na PSPTB, usajili ni mlango: asiye nao huondolewa kabla ya kusomwa. Uwekwe mstari wa kwanza, kwa maneno machache, kisha kazi ifuate hapo hapo. Shahada peke yake haina nguvu hiyo, hasa katika mji wenye UDOM, ambako kila mwaka watu wengi huhitimu fani moja kwa wakati mmoja. Na anayeomba ajira serikalini kupitia Ajira Portal ajue kwamba maombi yake yanapita huko, si kwenye About.

Mhitimu asiye na ajira bado ana cha kutaja. Kama alifanya mafunzo kwa vitendo kwenye halmashauri, aseme alishika daftari gani, aliingiza kumbukumbu za nini, kwa programu ipi. Akishaandika, aufungue ukurasa wake kwa simu ya mtu mwingine na asome mpaka pale maandishi yanapokatwa. Kama kazi haijatajwa kufikia hapo, afute sentensi ya kwanza na aanzie ya pili. Mara nyingi kazi imejificha humo.