Barua ya pamoja ya wapangaji wa Ngamiani: ina nguvu wapi, na inalegea wapi

"Sisi wapangaji wa jengo lako la ghorofa hapa Ngamiani tunakujulisha kwamba maji hayapandi juu tangu mwezi uliopita, ngazi zimebomoka na korido hazina taa. Usiporekebisha ndani ya siku saba, hatutalipa kodi." (Kutoka katika barua ya wapangaji wanane kwa mwenye nyumba, Tanga.)

Kwa upande wa ngazi na korido, wapangaji hawa wana msingi ulio imara kuliko wanavyoonyesha wenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 88, inamwekea mwenye nyumba aliyepangisha sehemu tu ya jengo wajibu wa kutunza paa, kuta za nje, mifereji mikuu, pamoja na njia na mitambo inayotumiwa na wapangaji wote, na wajibu huo unahesabika kuwa ndani ya mkataba hata kama karatasi waliyosaini haikuutaja. Barua haikitaji kifungu hicho popote. Inalalamika tu, na lalamiko tupu ni rahisi kujibiwa kwa ahadi tupu.

Suala la maji ni gumu zaidi, kwa sababu neno "hayapandi" linaweza kubeba hitilafu tatu tofauti, na kila moja ina mtu wake wa kuulizwa. Mamlaka ya maji ya Tanga, ambayo chanzo chake kikuu ni mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, huwajibika kuleta maji mpaka kwenye dira ya mteja, na kuanzia hapo mabomba ni ya mwenye jengo. Katika jengo hili maji hutoka kwenye dira, huingia tangi la chini, kisha pampu huyasukuma hadi tangi la lita 2,000 lililo juu ya paa. Kwa hiyo kabla ya kumwandikia mtu yeyote, ilitakiwa mtu mmoja aamke alfajiri na kufunua tangi la chini. Likiwa tupu na majirani nao hawana maji, mwenye nyumba hana kosa. Likiwa tupu ilhali majirani wanachota, basi huduma imekatwa kwa deni, au koki ya boya imekwama, au bomba linavuja njiani. Uvujaji wa ndani hujulikana kwa kufunga koki zote, pamoja na ile ya tangi, na kutazama kama dira bado inazunguka. Lakini likiwa limejaa na la juu ni kavu, tatizo liko kwenye pampu au kwenye umeme wake.

Wapangaji wenyewe wanakiri, ukiwauliza nje ya barua, kwamba tangi la chini hujaa karibu kila usiku. Hapo ndipo upande wa mwenye nyumba unapopata la kusema, na si la kupuuzwa. Unadai kuwa pampu ni nzima, ila LUKU ya jengo haina umeme kwa sababu wapangaji waliacha kuchangia, na kwamba wawili kati yao wameunganisha pampu zao ndogo kwenye bomba la chini na kuwanyima wenzao maji.

Dai hilo la LUKU linafaa kupigiwa hesabu badala ya kelele. Tuseme jengo lina watu 40 na kila mmoja anatumia lita 60 kwa siku. Hiyo ni lita 2,400. Pampu ya nguvu farasi moja, inayosukuma takribani lita 40 kwa dakika, itafanya kazi hiyo kwa saa moja na kula karibu uniti moja ya umeme. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, ambapo shilingi 1,000 hutoa uniti zisizofika tatu, gharama ya mwezi mzima ni kama shilingi 11,000, yaani chini ya shilingi 1,400 kwa kila kaya kati ya hizo nane. Sasa chukua kaya inayonunua madumu kumi ya lita 20 kwa siku kutoka kwa wenye mikokoteni: hata kwa shilingi 300 kwa dumu, inatumia kwa siku moja zaidi ya mara mbili ya mchango wa mwezi. Kama kweli ugomvi ni huo tu, pande zote mbili zinajiumiza kwa jambo dogo mno, na mwenye nyumba ana haki ya kutaka mchango. Ila hoja yake inakatika panapohusika matengenezo: kuchangia umeme wa pampu hakumwondolei wajibu wa kuitunza pampu yenyewe, wala kuziba tangi la paa ambalo maji yake yamekuwa yakichuruzika ukutani hadi kwenye ngazi. Zege la ngazi hizo limebanduka na nondo zimeonekana zikiwa na kutu, jambo ambalo katika mji wenye upepo wa chumvi kama Tanga halisubiri mtu. Barua ingeeleza uhusiano huo, ngazi zingeacha kuonekana kama dai la nyongeza.

(Kuna jambo ambalo wapangaji hawakuligusa kabisa, nalo lingewafaa mezani: tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na ingawa mdaiwa wake ni mwenye jengo, anayenunua umeme ndiye anayeilipa.)

Tishio la kutolipa kodi ndilo sehemu dhaifu kuliko zote. Naelewa lilikotoka, kwa kuwa kodi ndiyo kitu pekee ambacho mwenye nyumba hukihisi haraka. Lakini kifungu kilekile cha 88 kinampa mpangaji utulivu wa kukaa maadamu analipa kodi na kutimiza masharti yake, kwa hiyo anayezuia kodi anampa mwenye nyumba sababu ya kumtoa, na kesi ya ngazi hugeuka kesi ya deni. Zaidi ya hapo, kodi hapa hulipwa mapema kwa miezi mitatu au sita. Waliokwisha kulipa hawana cha kuzuia, na hatari yote humwangukia yule ambaye zamu yake inafuata. Sahihi ni nane, ila atakayetolewa vyombo nje ni mmoja.

Hata anwani ya barua ina kasoro. Imepelekwa kwa dalali anayekusanya kodi, wakati mwenye nyumba wa awali amefariki na jengo liko mikononi mwa warithi. Mwenye mamlaka ya kuidhinisha matengenezo ni msimamizi wa mirathi, na dalali anaweza kuikunja barua mfukoni ikaishia hapo.

Ningekuwa miongoni mwao ningeiandika upya kwa msimamizi huyo, nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nikiambatisha picha za nondo na tarehe ambazo tangi la chini lilikutwa limejaa. Siku saba zinatosha kwa taa na pampu. Kwa zege la ngazi na tangi la paa, siku 30 ni za haki zaidi. Badala ya kutisha kuzuia kodi, ningesema kwamba muda ukipita shauri litapelekwa baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 hupatanisha tu bila kutoa hukumu, na likishindwa ndani ya siku 30 njia ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hufunguka. Na zile pampu mbili za bomba la chini zing'olewe kabla barua haijatoka, maana zikikutwa pale siku ya upatanishi, wenye sahihi ndio watakaoanza kujieleza.