Siku mradi ulipoharisha

Aisee ngoja nisimulie mwenyewe, maana waliokuwepo kikaoni kila mtu ana toleo lake na kila toleo limeongezwa chumvi.

Kaofisi ketu kanahusika na maji vijijini, mwaka ule tulikuwa na mradi mkoani Singida. Ripoti ya mwaka ikagawanywa kwa watu wanne, kila mtu na sura yake. Mwalimu, mzee wetu mstaafu anayeshughulika na jamii, alianza kwa kumshukuru Mungu, akamshukuru mtendaji wa kijiji, akasimulia mvua ilivyochelewa, sentensi moja ikaanza ukurasa wa 2 ikapumzika ukurasa wa 3. Injinia yeye kama analipia kila neno: "Uchimbaji ulifanyika. Pampu ilifungwa. Jaribio lilifanyika." Nani kafanya? Hakuna, vitu vilijifanya vyenyewe. Mhasibu aliweka majedwali, chini ya kila jedwali kaandika "Rejea jedwali." Na dada wa mawasiliano, kwake kila aya kuna mama analia machozi ya furaha na alama za mshangao tatu tatu.

Ijumaa saa tisa alasiri bosi ananiita. "Wewe Kiswahili chako kimenyooka, hii kitu iunganishe isomeke kama kaandika mtu mmoja. Jumatatu bodi." Kurasa 61. Nikasema sawa bosi, mbele ya bosi mtu utasema nini.

Usiku nimekaa na laptopu naona tatizo kubwa ni moja, nani anaongea humu ndani? Mwalimu anasema mara "nilifika" mara "tulifika", dada anasema "tulifika" tu, injinia hasemi mtu. Nikaamua msemaji awe mradi, basi. "Mradi ulichimba", "mradi ulifunga", kizito, cha kiofisi. Sasa Kiswahili chetu mtendaji kajificha ndani ya kitenzi, huwezi kutafuta neno "sisi" ukamkuta, amekaa kwenye ka-"tu" pale mwanzoni. Kupitia kitenzi kimoja kimoja kurasa 61 ni kukesha. Ndipo nikapata wazo ambalo usiku ule nililiona la kipaji kabisa. Ukichukua "tulichimba", ukaondoa "tuli" ukaweka "mradi uli", unapata "mradi ulichimba". Upatanisho umekaa vizuri! Na "tumefunga", ondoa "tume" weka "mradi ume", umepata "mradi umefunga". Nikabonyeza `Ctrl+H`, nikaandika, nikagonga `Replace All`. Mashine ikaniambia imebadilisha mamia ya sehemu. Nikacheki kurasa tatu za mwanzo za injinia ambako nilishapachika "tuli" zangu kwa mkono, safi kama zimepigwa pasi. Nikalala.

Jumapili nikaona bado kitu, watu wale wale wana majina manne. Mwalimu anawaita wananchi, injinia walengwa, mhasibu wanufaika, dada anasema jamii yetu. Msomaji atadhani ni makundi manne! Hapo nilikuwa sahihi kabisa naomba mnielewe, neno moja kwa kitu kimoja ni kanuni ya kweli. Nikabadilisha yote yawe wanufaika. `Replace All` tena. Nikatuma PDF saa tano usiku.

Jumatatu bodi imekaa, projekta inawaka, Mama Mwenyekiti, mstaafu wa benki, huwa anapenda kusoma kwa sauti. Shikamoo zimeisha, akavaa miwani, akaanza sura ya Mwalimu. "Mradi ulipofika kijijini mradi ulipokelewa kwa ngoma." Watu wanatikisa vichwa, vizuri. "Jioni mradi ulikula ugali kwa kuku wa kienyeji, kisha mradi ulilala kwa Mwenyekiti wa Kijiji." Akasimama kidogo. Akaendelea, maana ni mtu wa kumaliza alichoanza. "Usiku huo mradi uliharisha."

Kimya. Dereva wetu aliyekuwa mlangoni akatoka nje, tukamsikia anakohoa kohoo ambalo siyo kohoo.

Mama Mwenyekiti akavua miwani, akavaa tena. "Wanufaika ni watu wa u-mradi ulivu sana." Hapo Mwalimu akaruka, "Utulivu! Mimi nimeandika utulivu!" Na wananchi wake waliotulizwa na mtendaji, wale "wakatulia" wa mkutano wa hadhara, walikuwa sasa "wakamradi ulia". Nikawa naomba umeme ukatike. Haukukatika. Akafika mahali Mwalimu ametaja Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, ambayo usiku ule niliibatiza "Mradi ume ya Taifa ya Umwagiliaji", Mama akasoma kimoyomoyo, akafunika mdomo kwa kanga yake, akafungua ukurasa mwingine.

Dada wa mawasiliano ndiye aliyeumia kweli. Alikuwa na nukuu ya bibi mmoja, ndani ya alama za kunukuu kabisa, "Tulikuwa tunachota bwawani pamoja na ng'ombe." Sasa bibi wa watu anasema "Mradi ulikuwa tunachota bwawani pamoja na ng'ombe." Maneno ya mtu aliyekaa akamwamini akamsimulia, mimi nimemfanya aongee kama redio iliyopoteza stesheni.

Nikajua balaa limeishia hapo, tumecheka, yamepita. Mhasibu akanyoosha mkono. "Samahani Mama, ukurasa wa 40 unasema wanufaika 3,000. Kwangu wanufaika ni 2,250. Hizo 750 zimetoka wapi?"

Hapo hakuna aliyecheka. Injinia akaeleza taratibu, mradi ulipangiwa vilula 12, yaani vituo vya kuchotea maji, na kwa sera ya maji ya mwaka 2002 kilula kimoja kinahesabiwa watu 250, kwa hiyo walengwa 3,000. Lakini vinavyotoa maji ni 9, vitatu vinasubiri bomba. Wanaopata maji ni 2,250. "Mimi niliandika walengwa," akasema, ananiangalia mimi. Na kweli. Mlengwa ni unayemkusudia, mnufaika ni aliyekwisha kuchota. Wananchi na jamii yetu zilikuwa mitindo tu ya watu kuandika, lakini walengwa haikuwa mtindo, ilikuwa hesabu, na mimi nimewanywesha maji watu 750 ambao bomba halijawafikia. Kama ile PDF ingeenda kwa wafadhili, bosi angeenda kujieleza.

Nikapewa siku nne. Safari hii nikawaita wote wanne mezani kabla sijagusa neno. Msemaji tukamrudisha kuwa "tu", maana injinia mwenyewe alikiri ni rahisi yeye kuandika "tulifunga pampu" kuliko Mwalimu kuandika kama mashine. Maneno tukaandika kwenye karatasi moja, kila neno na maana yake mbele, na mhasibu na injinia wakasaini kabisa kama mkataba. Mwalimu nilimkatia sentensi, kila inapofika "na pia" ya pili naweka nukta, akalalamika "mwanangu umenikata pumzi", ila kuku na ugali vikahamia kwenye kisanduku chake cha pembeni chenye jina lake juu, humo aongee apendavyo. Majedwali ya mhasibu kila moja nikaliwekea sentensi mbili za kusema linaonyesha nini. Nukuu za wanakijiji sikuzigusa hata koma. Halafu nikaisoma yote kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, na pale ulimi unapojikwaa ndipo nilijua nimehama kwa injinia nimeingia kwa dada. Hiyo kazi ilinimaliza koo kwa siku mbili.

Bodi ikapitisha. Mama Mwenyekiti aliuliza swali moja tu, kama mradi umepona tumbo.

Mpaka leo dereva nikimpigia kuuliza amefika wapi ananijibu, "Mradi upo foleni bosi, mradi unakunywa soda."