Milioni 1.8 ya mkataba dhidi ya milioni 1.5 ya ajira

"Shikamoo kaka. Nimeajiriwa kampuni moja hapa Dar, mshahara milioni moja na nusu kabla ya makato. Kuna ofisi nyingine inanitaka kwa milioni moja na laki nane, ila wanasema nitakuwa mtu wa mkataba, si mwajiriwa. Nihame?"

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya hesabu, kawaulize ni mkataba gani, maana huku kwetu neno hilo lina sura mbili na watu wengi wanazichanganya. Mtu akisema "mimi niko mkataba" mara nyingi ana maana ya ajira ya muda maalumu, tuseme mwaka mmoja au miwili. Huyo bado ni mwajiriwa. Analipwa mshahara, anachangiwa NSSF na likizo anayo. Tofauti yake na mwenye ajira ya kudumu ni kwamba ya kwake ina tarehe ya mwisho. Sura ya pili ni mkataba wa huduma. Hapo wewe ni mfanyabiashara mdogo na ofisi ile ni mteja wako: unapeleka ankara, wanakulipa. Ukiona kwenye karatasi yao "mtoa huduma" au "mshauri", na "ada" badala ya "mshahara", ujue ni hiyo ya pili. Kwa maneno uliyoniandikia, nadhani ndiyo wanayokupa.

Sasa fedha. Kwenye milioni 1.5 ya ajira, NSSF inachukua asilimia 10, yaani 150,000. Inayobaki, 1,350,000, ndiyo inayokatwa kodi ya mshahara, na kwa viwango vya Tanzania Bara kodi hiyo ni 233,000. Unaondoka na 1,117,000. Ila mwajiri naye anaweka 150,000 nyingine NSSF kwa jina lako, ambayo huioni mkononi.

Kwenye milioni 1.8 ya huduma, mteja anakata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani 90,000, na benki inaingia 1,710,000. Hapa ndipo watu wanapolewa. Unaona karibu laki sita zaidi ya ulizozizoea, unahama nyumba, unachukua mkopo wa gari. Lakini ile asilimia 5 ni sehemu tu ya kodi iliyolipwa mapema. Kodi yenyewe inapigwa kwenye faida ya mwaka mzima, kwa viwango vilevile vya mtu binafsi: sehemu inayozidi milioni 12 kwa mwaka inakatwa asilimia 30. Makadirio unapeleka TRA mwanzoni mwa mwaka na kulipa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mwisho, kama mwaka wako ni wa kalenda, inatakiwa ifikapo Juni 30 ya mwaka unaofuata.

Tuseme unatumia 200,000 kwa mwezi kwenye intaneti, usafiri wa kazi na matengenezo ya kompyuta, na risiti zote unazo. Tuseme pia unapumzika mwezi mmoja kwa mwaka, kama unavyopumzika sasa, na mwezi huo hakuna ankara. Mapato yako ni milioni 19.8. Toa gharama milioni 2.4, inabaki milioni 17.4. Kodi yake ni 3,156,000, na mteja ameshakata 990,000 tu. Hizo nyingine zaidi ya milioni mbili unazitafuta mwenyewe. Mkononi, ukigawa kwa miezi 12, inabaki 1,187,000. Ukijiwekea akiba ya 300,000 kila mwezi, kiasi kilekile ambacho NSSF yako inapata sasa, umebaki na 887,000. Umeshuka kwa 230,000, kwa kazi ileile. Nimejaribu kurudisha hesabu nyuma: ili ubaki ulipo, ada yako ingekuwa kama 2,160,000.

Wao je? Mwajiriwa wa milioni 1.5 anawagharimu 1,710,000, ukijumlisha NSSF, tozo ya ufundi stadi ya asilimia 3.5 kama wana wafanyakazi 10 au zaidi, na nusu asilimia ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Na wanamlipa hata akiwa likizo. Kwa kila mwezi anaofanya kazi kweli, ni kama 1,865,000. Kwa hiyo milioni 1.8 yao siyo ukarimu, wanabana matumizi.

Likizo nimeshaigusa kwa pesa, lakini likizo ya mwaka, siku 28, ndiyo nyepesi kuliko zote. Inayouma ni ya ugonjwa. Mwajiriwa ana siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Mama anayejifungua ana siku 84 zenye malipo. Mtoa huduma akivunjika mguu akiwa njiani kwenda kwa mteja, mfuko wa fidia haumjui na ankara ya mwezi huo haipo.

Usalama wa kazi ndio unaonipa utata zaidi, maana hapa mkataba wa huduma una hoja yake. Mwajiriwa wa mshahara wa mwezi anastahili notisi ya siku 28, na akiachishwa baada ya mwaka mmoja au zaidi anapata kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, hadi miaka 10. Kwako ingekuwa kama 346,000 kwa mwaka. Si haba, ila haisomeshi mtoto. Aliye na wateja watatu, mmoja akimkimbia, wawili bado wanamlipa. Mwajiriwa akiachishwa, kipato chote kinakatika siku moja. Wapo mafundi wa mifumo na wahasibu ninaowajua ambao wasingerudi ofisini hata kwa kubembelezwa. Wewe hata hivyo unaitiwa mteja mmoja, kwa saa zote za wiki. Hapo umechukua hatari ya biashara bila uhuru wake.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa "mshauri" wa namna hiyo. Nilisaini daftari la mahudhurio saa mbili kasoro robo asubuhi, kompyuta ilikuwa yao, na bosi ndiye aliyenipangia kila Jumatatu nifanye nini. Nilipoomba wiki moja nikamzike bibi, ofisa utumishi akaniambia kwa upole, "Wewe si mfanyakazi wetu." Sikujua wakati ule kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 haiangalii jina la mkataba peke yake. Kama unafanya kazi chini ya maelekezo yao, au saa zako zinapangwa nao, au vifaa ni vyao, au unawategemea wao tu kwa kipato, hata moja tu kati ya hayo linatosha sheria ikuchukulie kuwa mwajiriwa, mpaka wao wathibitishe vinginevyo. Anayeachishwa isivyo halali ana siku 30 tu kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mimi nilikuja kulisikia hilo miezi minne baadaye, kwenye daladala.

Kwa hiyo rudi kwao na mambo mawili. Waombe ajira ya muda maalumu kwa milioni 1.8 hiyohiyo, hapo umepanda kweli. Wakikataa, taja milioni 2.2, notisi ya siku 28 iandikwe kwenye mkataba, ankara ilipwe ndani ya siku 14, na kisiwepo kifungu cha kukuzuia kuchukua mteja mwingine. Angalia watakavyokijibu hicho cha mwisho. Wakisema hapana, wanataka mfanyakazi ila hawataki kumlipa kama mfanyakazi.