Kabla ya andiko kamili, ulizieni

"Kikundi chetu cha akina mama hapa Lamu kinapanda mikoko. Kuna wakfu wa nje tunaoutaka utufadhili. Tuulizie kwanza kwa barua, au tupeleke andiko kamili la kuomba fedha moja kwa moja?"

Wanaopinga barua wana hoja. Barua ya kurasa mbili ni rahisi kuikataa, na msomaji hajaona bajeti wala kitalu chenu. Tena wakfu ukishatoa mwito wenye masharti na tarehe ya mwisho, majibu mengi yamo humo humo. Kuyauliza tena ni kuonyesha hamkusoma.

Ila andiko kamili lina gharama yake. Linadai bajeti ya kila kipengele, cheti cha usajili, pengine hesabu zilizokaguliwa, na mkaguzi hafanyi kazi bure. Kwa mikoko mtatakiwa pia kuonyesha mmekubaliana na Huduma ya Misitu. Kwa kikundi kisicho na karani wa kuajiriwa hizo ni wiki nzima nzima, na mradi mzuri unaweza kuanguka kwa jambo ambalo lingejulikana mapema.

Jambo hilo mara nyingi ni ukubwa wa ombi. Tuseme mnaomba shilingi 2,400,000 kwa miaka miwili, na mwaka jana mlishika 350,000. Kila mwaka mtashika 1,200,000, zaidi ya mara tatu ya mlichozoea. Wafadhili wengi huangalia uwiano huo kabla ya kusoma habari za miche, na si wote wanaoandika kikomo chao. Ufasaha wa andiko hauubadilishi. Kwenye barua mwauliza waziwazi: "Mwaka jana tulipata shilingi 350,000. Je, mwaweza kutufikiria kwa 1,200,000 kwa mwaka, tuanze na kiasi kidogo, au fedha zipitie shirika mwenyeji la kutupokelea na kutusimamia?" Hata wakikataa, mmejua kama tatizo ni kiasi, au ni nani wa kuzipokea.

Vipaumbele navyo viulizwe hivyo hivyo. Wakfu unaotangaza "kurejesha mikoko" huenda hauhesabu miche. Miche mingi iliyochomekwa kwenye matope yanayofunikwa na maji muda mrefu hufa, ndiyo maana wako wanaopendelea kufungua mkondo wa maji ulioziba ili mikoko iote yenyewe. Kama bajeti yenu karibu yote ni kitalu na vibarua wa kupanda, ulizeni wanalipia lipi kati ya hayo mawili.

Swali la "Je, mradi wetu unawafaa?" lina jibu moja tu la adabu: karibuni mlete. Mkijibiwa hivyo bila kiasi wala sharti lolote kutajwa, bado hamjajibiwa. Mwombeni afisa wa miradi dakika chache za simu, na swali la 1,200,000 liwe la kwanza, kabla hamjamlipa mkaguzi.