Mpwa wangu, mtaji wako umelala kwenye daftari

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeupata. Unasema duka linauza na wateja hawakauki, ila kila ukitaka kwenda Kariakoo kufunga mzigo hela haitoshi, na umeanza kumshuku binti unayemwachia duka mchana. Kabla hujamfukuza mtoto wa watu, fungua lile kaunta buku ulilolining'iniza kwa kamba pembeni ya mzani. Nilipokuja Mbagala mwezi uliopita nilisoma ukurasa mmoja tu wakati wewe unapima mafuta. "Mama Vitumbua sukari 2 unga 1." "Fundi sigara 4." "Dogo wa boda mkate, atapitia." Atapitia lini, hukuandika.

Wengi wanaogopa mkopo kwa sababu ya wasiolipa. Mimi huu mwaka wa ishirini na kitu nipo nyuma ya kaunta, na nakwambia wasiolipa kabisa ni wachache. Anayekumaliza ni yule mwaminifu anayelipa mwisho wa mwezi, kwa sababu huyo humwogopi.

Chukua mfuko mmoja wa sukari wa kilo 50. Tuseme umeununua 130,000, yaani kilo imekuangukia 2,600, nawe unauza 3,000. Kwa duka lako unakwisha kwa siku sita. Ukiuza wote taslimu, siku ya sita una 150,000 mkononi. Unatoa 20,000 yako, unarudi jumla na 130,000 ileile, unabeba mfuko mwingine. Kwa mwezi hela hiyo moja imekwenda na kurudi mara tano na kukuachia 100,000.

Sasa angalia unavyofanya wewe. Katika ule mfuko wa kwanza, kilo 20 zimeingia kwenye daftari. Siku ya sita mfuko umekwisha na wewe umefurahi, "sukari inatoka". Lakini mkononi una 90,000. Mfuko haununuliki. Hapo unafanya mojawapo ya mambo mawili, na najua unayafanya yote. La kwanza, unakwenda kwa yule mwenye duka kubwa la kona, unachukua kilo 30 kwa 2,800. Faida yako ya 400 kwa kilo imeshuka ikawa 200, na hakuna mteja aliyekupunja. La pili, unachota 40,000 kwenye hela ya mafuta ili ukabebe mfuko. Wiki ijayo dumu la mafuta liko tupu, na mteja wa taslimu aliyekuja na chupa yake anavuka barabara.

Zile kilo 20 ulizinunua kwa 52,000. Kama zingekuwa zinauzwa taslimu, hiyo 52,000 ingezunguka mara tano ndani ya mwezi na kukuletea 40,000. Kwa mkopo imezunguka mara moja, imeleta 8,000. Wenye madeni wamelipa wote, hadi shilingi ya mwisho, na bado umekosa 32,000. Hasara hiyo huioni popote kwenye daftari, ndiyo maana unamshuku binti.

Na akitokea mmoja asiyelipa, basi hesabu inauma zaidi. Kilo moja ya sukari ikipotea imeondoka na 2,600 yako. Kuirudisha unahitaji kuuza kilo sita na nusu kwa faida ya 400. Kuziuza tu, kabla hujaanza kupata kitu.

Halafu kuna bei. Unakumbuka mwanzoni mwa 2024, mvua zilipovuruga uzalishaji wa viwanda vya sukari, mpaka serikali ikatoa bei elekezi? Mtaani kwetu kilo ilivuka 4,000. Mimi nilikuwa nimekopesha mwezi mmoja nyuma kwa 3,000. Watu wakaja kunilipa vizuri, kwa shukrani, 3,000 zao. Hela ya kilo moja ikawa hainunui tena kilo moja. Huwezi kumwambia mtu aongeze, maana kwenye daftari umeandika mwenyewe kwa mkono wako.

Kuhusu binti, fanya hivi Jumapili usiku mkishafunga. Hesabu bidhaa zote kwa bei uliyonunulia. Jumlisha hela ya kwenye droo na ya kwenye simu. Kisha jumlisha madeni, nayo uyapige kwa bei ya kununulia. Ulianza na 1,500,000, na najua faida yote umekuwa ukiila na kulipia pango. Kama bidhaa ni 810,000, hela 130,000 na madeni 560,000, basi hesabu imetimia, hakuna aliyedokoa. Duka lako bado ni la milioni moja na nusu, ila zaidi ya theluthi yake iko majumbani kwa watu, imeshaliwa ugali na chai. Ikipungua sana hapo ndipo umuulize binti, na umuulize kwa adabu.

Sasa, mali kauli. Umeniambia kuna mtu wa jumla amekubali kukupa mzigo ulipe baada ya siku saba, nawe umeona ndiyo dawa. Kwa mwenye kuuza taslimu ni neema, nakubali. Kwako wewe unayewapa watu siku 30 ni kitanzi, kwa sababu siku ya saba wewe unadaiwa na wao bado hawajapokea mshahara. Utamlipa kwa hela ya pango. Nilishafanya hivyo, nikahama fremu kabla sijataka.

Sikwambii uandike kile kibao cha "mkopo kesho" halafu ukamkazia Mama Vitumbua. Yule hukopa asubuhi, hukaanga, hulipa jioni. Hela yake inarudi kabla wewe hujafunga duka, haijalala hata usiku mmoja. Huyo mpe. Usimpe anayesubiri mshahara, ukimpa basi kiwe kitu chenye faida nene na kisichotoka haraka, kama ndoo ya plastiki. Sukari, unga, mkate na sigara ndivyo vinavyozungusha duka, na faida yake ni nyembamba, usiviandike. Salio la wakala ndiyo kabisa: kamisheni ni shilingi chache, ukimtumia mtu 20,000 "atapitia" umekopesha hela yenyewe.

Jumla ya daftari lote isizidi faida ya mwezi mmoja. Ikifika hapo, lifunge, hata akija mama yako, dada yangu mimi. Na asilipe nusu akachukua kipya. Mstari wa zamani ukatwe kwanza. Wewe unaona ni ukali, lakini jiulize yule fundi ameacha kupita mbele ya duka lako tangu lini. Anazunguka kwa nyuma, anakwenda kununua sigara kwa jirani, taslimu. Deni la 4,000 limekufukuzia mteja wa kila siku.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Usilifute hilo daftari wala usiliandike upya likapendeza. Niachie lilivyo, tukae na kikokotoo, na umwambie binti naye akae.

Mjomba wako