Domeni ya "bure" ya shemeji

Shemeji ana gesti pale Mwanga, Kigoma. Tovuti yake niliitengeneza mimi, na hostingi, yaani huduma ya kuihifadhi mtandaoni, nilimchagulia mimi, kwa hiyo lawama zote zilikuja kwangu. "Shemeji, si ulisema elfu tisini? Hii ya laki nne imetoka wapi?"

Imetoka mwaka wa pili. Wa kwanza tulilipa dola 2.99 kwa mwezi, jumla 35.88, na domeni, yaani jina la tovuti linaloishia na .com, tukapewa bure. Ofa ilipoisha, hostingi ikapanda hadi 11.99 kwa mwezi, yaani 143.88 kwa mwaka, na domeni ikadai 18.99 yake. Jumla dola 162.87.

Siwezi kusema tulidanganywa. Kwenye ukurasa wa malipo palikuwa na maneno "Renews at", yaani bei ya kulipia upya, kwa herufi za kijivu, ndogo kama mayai ya dagaa. Niliyaona nikayapita.

Nilipaswa kujua. Verisign, wanaoendesha .com, walianza Septemba 2024 kumtoza kila muuzaji dola 10.26 kwa mwaka kwa kila jina. Anayekupa jina hilo kwa senti 99 au bure anatoa hela mfukoni mwake, na anajua atairudisha lini.

Siku hizi napiga hesabu ya miaka mitatu. Ofa ile ingetugharimu 35.88, kisha 162.87 mara mbili: dola 361.62. Hostingi ya dola 5 kwa mwezi isiyo na ofa, pamoja na domeni ya dola 12, ni 72 kila mwaka, yaani 216. Ile iliyoonekana ghali ndiyo rahisi.

Kuna na mtego wa kadi. Tulilipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, ambayo shemeji huitia hela siku ya kununua tu. Mfumo ulijaribu kukata wenyewe, ukakuta kadi tupu. Barua pepe za onyo zilikuwa zinaingia kwenye anwani asiyoifungua. Alishtuka mgeni mmoja alipompigia kusema tovuti inaonyesha matangazo ya watu wengine.

Bahati yetu tuliwahi. Muda wa neema baada ya jina kuisha ukipita, .com huingia siku 30 za ukombozi, na hapo unalipia upya pamoja na faini ambayo mara nyingi huzidi bei ya jina lenyewe. Baada ya hapo zinabaki siku tano, kisha jina linafutwa na yeyote anaweza kulichukua.

Tulilipia domeni peke yake, tukaifungua kufuli, tukaomba msimbo wa uhamisho na kuipeleka kwa muuzaji mwingine. Uhamisho huongeza mwaka mmoja, kwa hiyo ada ya uhamisho haikupotea. Ila jina jipya halihamishiki kabla ya siku 60, na uhamisho wenyewe unaweza kuchukua kama wiki, kwa hiyo usingoje siku ya mwisho.

Hostingi tumenunua kwingine kabisa. Tarehe ya domeni shemeji ameiandika kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya mapokezi, chini ya namba ya fundi bomba.